Barua kwa Dereva wa Ambilansi

Mkuu wa ofisi yetu ya Baraka aliniwekea karatasi mezani. Katika shirika letu la afya, mimi ndiye niliyeshughulikia wafanyakazi. Ilikuwa barua kwa dereva wa ambilansi: "Ulimwacha mama mwenye uchungu wa kuzaa kijijini Swima, ukarudi na gari tupu."

"Piga cachet, umupatie leo," alisema, akinisogezea muhuri.

"Chef, bado hatujamusikiliza."

"Batu ba Swima bote banakasirika. Unangoja nini?"

Mama yule alijifungulia kando ya barabara, baada ya kupakiwa kwenye pikipiki. Yeye na mtoto walikuwa wazima, lakini shemeji yake alileta malalamiko kwa maandishi. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na wa kuufanya upya alikuwa mkuu. Hata hivyo niliandika barua upya: tumepokea malalamiko kwamba Jumanne, saa nane mchana, uligeuza gari Swima kabla ya kumpakia mgonjwa, jambo hili halijathibitishwa. Nikaeleza kwamba ana siku tatu za kujibu kwa maandishi, kisha atasikilizwa, na anaweza kuja na mjumbe wa wafanyakazi, na mashahidi au karatasi zake. Wakati huo hataendesha gari, ila mshahara utaendelea. Asimfuate mlalamikaji. Uamuzi atapewa kwa maandishi, pamoja na sababu zake.

Mkuu alisoma mpaka mwisho. "Unamutetea."

"Kama alikosa, barua hii haitamuokoa."

Akatia sahihi bila kuniangalia.

Dereva nilimwita, nikafunga mlango. Alisoma amesimama, halafu akakaa.

"Mi nimefukuzwa?"

"Hapana, papa. Sahihi yako hapa inaonyesha tu umepokea. Haisemi umekubali."

Alitia sahihi, akachukua nakala yake.

Siku ya tatu alileta jibu lake pamoja na daftari la gari. Kwenye mstari wa Jumanne alikuwa ameandika: saa nane kamili, chef amepiga simu, nirudi Baraka mara moja, barabara haina usalama.

Nilisoma mara tatu. Mkuu wangu alikuwa ameandika barua ya kumshtaki mtu kwa kutii amri aliyoitoa yeye mwenyewe. Nilijua nikimwonyesha lile daftari huenda lisionekane tena. Nilipiga picha ya ukurasa, nikatuma pamoja na jibu kwa wakubwa wetu Uvira, nikaomba uchunguzi usipitie kwake. Mkuu alipopata habari, wiki ile nzima alinipita koridoni bila salamu.

Wakaja wawili kutoka Uvira. Walimsikiliza dereva, shemeji, na muuguzi aliyekuwa karibu na gari, akaisikia ile simu. Mkuu mwenyewe alikubali kwamba alipiga. Alisema aliogopa gari lisitekwe, kisha akaogopa hasira ya watu. Kesi yake waliichukua wenyewe.

Dereva alirudishiwa ufunguo na barua iliyosema shtaka halikuthibitika. Iliongeza kwamba alipaswa kuieleza familia sababu kabla ya kuondoka.

Jumapili alienda Swima kueleza. Mama alimpokea, akampa mtoto ampakate. Shemeji alibaki nje, hakuingia mpaka dereva alipoondoka.