Nili Haingoji Wageni

Nywele zangu zilianza kuwa nyeupe kabla sijazaa mtoto hata mmoja. Hilo ni jambo la ukoo wetu wa Masisi. Mama yangu alikuwa hivyo, na dada zake pia. Wewe mjukuu wangu unayeniandikia unacheka. Subiri kidogo, utajionea mwenyewe kwenye kioo. Sasa andika.

Wakati ule nchi ikiitwa Zaire, nilikuwa nikikaa mtaa wa Mapendo na kuuza vitunguu sokoni. Babu yako aliendesha lori lililoteremsha kabichi na viazi kutoka Kibumba. Alinizoea nikiwa nimefunga kitambaa, na siku aliponiona bila kitambaa alitazama kichwa changu kwa makini, akasema, "Vizuri. Umeniondolea kazi ya kungoja uzeeke." Baada ya maneno hayo hakusema tena lolote juu ya nywele zangu.

Mwenye neno alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Watu wa soko hawana kazi: mmoja wao alimpelekea habari huko Kibumba kwamba kijana wake ametekwa na muzee wa kike. Shangazi akatuma ujumbe kwamba atashuka Jumapili kuniangalia kwa macho yake, na kama ni kweli, hakuna ng'ombe atakayetoka kwake. Bila ng'ombe wale wa mahari baba yangu asingenitoa. Nilielewa kwamba ndoa yangu imebaki juu ya kichwa changu.

Nikaenda kwa jirani yetu. Alikuwa mama Mwislamu kutoka upande wa Maniema, aliyepamba maharusi wao kwa hina, na wanawake wenye mvi walimfuata kwa siri. Unga wake wa rangi uliletwa na ndugu zake wa Kigoma. Alishika nywele zangu akavuta mkono haraka.

"Umepaka mafuta?"

"Ya mawese, mama. Ili ziwe laini."

"Unataka kupaka rangi ao unataka kukaanga mandazi? Oga kichwa na sabuni, mara mbili, na usipake tena kitu."

Jioni ile ya Ijumaa alikoroga hina kwa maji ya ndimu, akaifunika mpaka asubuhi ili itoe rangi yake. Nilipoona pakiti ya pili, ya unga wa nili, nikamwuliza kwa nini asichanganye zote, tumalize mara moja.

"Ukichanganya utapata rangi ya kahawa, na mvi zako nyingi hazitafikia nyeusi," alisema. "Unataka nyeusi? Basi hina inatangulia. Nili inakuja nyuma yake, inakaa juu ya ile nyekundu. Ukiweka nili peke yake juu ya mvi, utarudi kwa bwana wako na kichwa cha bulu."

Jumamosi asubuhi alinigawanya nywele fungu kwa fungu, akanipaka hina kuanzia kwenye mizizi, akafunika kwa jani la ndizi na kitambaa. Nilikaa hivyo hadi jua lilipopita utosini. Kisha aliniosha kwa maji matupu, beseni baada ya beseni, akanipa kioo. Kila mvi ilikuwa imegeuka rangi ya karoti.

"Usilie," alisema. "Bado ni nusu ya kazi."

Akamimina unga wa nili katika bakuli lingine. Safari hii hakutia ndimu. Alisema ndimu ni ya hina, na nili haiipendi. Alitia chumvi kidogo tu na maji ya uvuguvugu, kwa kuwa maji yanayochemka huiua. Uji ule ulikuwa wa kijani kama sombe ya majani ya muhogo. Tulikaa karibu robo saa tukiungojea, hadi uso wake ulipoanza kuwa na utando wa bulu iliyokolea.

Hapo ndipo lori liliposimama mbele ya ua.

Mwenye lori alikuwa amebadilisha siku ya mzigo, na babu yako hakuwa na njia ya kuniarifu. Shangazi aliteremka kati ya magunia ya kabichi, amejifunga vitenge viwili, akaingia uani, akanikuta nimekaa juu ya kigoda, kichwa kimewaka.

Alimgeukia kijana wake. "Baliniambia ni muzee. Habakuniambia ni jogoo."

Babu yako aliangalia viatu vyake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na jambo hilo sijalisahau mpaka leo.

Nikasimama nimsalimu na kukimbilia kitambaa. Jirani akanirudisha chini kwa mkono mmoja.

"Mama, karibu, kaa," alimwambia shangazi. "Hii nili imeshaiva. Ikishaiva haingojee mutu, hata mukwe. Tukianza salamu za Kibumba, itakufa ndani ya bakuli, na sina ingine."

Shangazi alikodolea bakuli macho. "Ile si bulu ya kufulia mashati?"

"Ni majani, mama. Inatoka shambani kama kabichi zako."

Basi nikapakwa nili mbele ya mtu yule yule niliyetaka kumficha. Shangazi alivuta kigoda akaja karibu, akaniuliza nilizaliwa wapi, mama yangu alikuwa na mvi tangu lini, kwa nini meno yangu ni mazima. Nilijibu kila swali huku matone ya kijani yakinishuka shingoni. Jirani alikuwa na mikono miwili tu, kwa hiyo baada ya muda shangazi ndiye aliyekuwa akinishikia sikio lisipate rangi.

"Shingo ni ya mutoto," alisema hatimaye, kama mtu anayenunua mbuzi. "Kichwa ndiyo kimetangulia."

Tuliiacha nili zaidi ya saa moja. Wakati wa kuosha, shangazi ndiye aliyemimina maji, bila sabuni, kama alivyoamriwa. Nywele zilitoka nyeusi zenye kijani, kama manyoya ya bata.

"Na hii ndiyo nyeusi?" aliuliza.

"Leo bado. Inaendelea kukolea ikipata hewa. Asioge kichwa na sabuni mpaka Jumatatu, hapo utaona."

"Mimi siendi kusimulia watu wa Kibumba habari ya bata. Nitabaki niione."

Akabaki. Jumapili alikwenda nami misani, akinifungua kitambaa njiani mara kwa mara kama anayechungulia sufuria. Alikula ugali wangu, akalaumu chumvi, akaomba kuongezewa. Jumatatu asubuhi alinitoa nje kwenye mwanga. Kijani kilikuwa kimekwisha. Nywele zilikuwa nyeusi kabisa, nyeusi kuliko siku niliyozaliwa. Alizigeuza fungu kwa fungu akitafuta mvi, asiione.

Nikamwambia, "Shangazi, chini bado ni nyeupe. Zitaota tena. Usiseme kesho nilikudanganya."

"Nilizipaka mimi mwenyewe," alinijibu. "Nani atanidanganya?" Kisha akamwita babu yako na kumwambia akamtafute baba yangu, waongee habari ya ng'ombe.

Kabla ya kupanda lori alimvuta jirani pembeni ya ua, akafungua kitambaa chake kidogo. Kilichokuwa chini yake kilikuwa cheupe kuliko changu.

"Mimi unipake ile ya kahawa," alimnong'oneza. "Nyeusi watu watajua."

Aliposhuka tena siku nyingine, jirani alimwandalia hina na nili katika bakuli moja. Shangazi alirudi Kibumba na kichwa cha kahawia, akaingia kanisani bila kitambaa, na Kibumba nzima ilijua kabla ya kuimba wimbo wa kwanza.