Uniti Mia na Tisini

Kitu cha kwanza unachokiona kwa fundi cherehani huyu ni penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Si ya kuchorea vitambaa. Kila tarehe mosi, saa moja asubuhi, hupanda kigoda, akasoma mita na kuandika tarakimu zake katika daftari. Uniti mia za kwanza za umeme kwa mwezi bei yake ni shilingi kumi kila moja. Zinazozidi mia ni thelathini. Kwa hiyo akiona anakaribia mia, huzima mota ya cherehani na kukanyaga kwa miguu mpaka mwezi uishe.

Ndiyo maana bili ya mwezi huu ilimpandisha mori. Elfu tatu na mia saba! Na chini yake: usipolipa kufikia Ijumaa, umeme unakatwa.

"Kompyuta ndiyo iliyopiga hesabu, mama," alisema karani wa dirishani katika ofisi ya umeme. "Uniti mia na tisini. Mia kwa kumi, tisini kwa thelathini."

"Hesabu ni sahihi, mwezi ndio si sahihi! Hizo ni za miezi miwili. Msoma mita wenu hakutia mguu kwangu mwezi uliopita. Tazama: tisini na sita mwezi ule, tisini na nne huu. Wapi nimevuka mia?"

"Shangazi, somo limeeleweka," mzee mmoja alidakia kutoka kwenye foleni. "Tupe mtihani twende nyumbani!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Karani akafungua kumbukumbu. "Mwezi uliopita bili yako ilikuwa sifuri. Ulikuja kulalamika?"

Fundi alihisi uso ukimchoma. Ile sifuri aliifurahia, akainyamazia.

"Sikuja. Hapo nimekosa. Lakini sikatai kulipa uniti hata moja, mwanangu. Zote nitalipa, kwa kumi kumi. Hiyo ni elfu moja na mia tisa. Wiki nzima nimekanyaga cherehani hadi magoti yakawaka moto, halafu mnanitoza kama mwenye kiwanda!"

Msimamizi alitoka ofisini kwa makelele hayo. Alisoma bili zote mbili, akagawanya mia na tisini kwa mbili kwenye kikokotoo. Tisini na tano. Akaguna.

"Daftari lako si ushahidi kwetu, dada. Ila hata tukigawa sawa, hujavuka mia. Nitaomba bili irekebishwe. Itakufikia kwa simu kabla ya Ijumaa saa sita mchana."

"Na mkataji?"

"Yeye hufuata orodha."

Ijumaa saa tano na nusu, sare arobaini za shule zilikuwa mezani zikisubiri pasi. Nyumba ya tatu kutoka kwake, mtu mwenye koleo alikuwa akishuka kwenye ngazi. Fundi alisimama mlangoni, bili mkononi, meno ameyauma kwa hasira, macho kwenye simu.