Midomo Inayocheza Bila Sauti

Emmah Nyaboke hakuiamini programu ile ya kutambua picha na sauti tangu ilipowekwa kwenye kompyuta za kituo chao kidogo cha televisheni mjini Homa Bay. Kazi yake ilikuwa kukagua lebo ilizobandika kwenye video za miaka mingi, ili vipande viuzwe upya kwa watengenezaji wa matangazo.

Asubuhi hiyo ilimletea kipande kilichopigwa kisiwani Remba, katika Ziwa Viktoria. Upande wa picha iliandika, "Mwanamke, dagaa wa omena, anazungumza." Upande wa sauti iliandika, "Kimya." Emmah alisikiliza. Midomo ya yule mama ilicheza, lakini hata upepo wa ziwa haukusikika, na mstari wa sauti ulilala tambarare kabisa. Mtu alikuwa amefuta sauti.

"Fanuel, kanda hii uliingiza wewe," alimwambia mwenzake. "Nani alikutuma ufute sauti?"

"Nyar Kisii, polisi wamekuajiri lini?" Fanuel alicheka, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo, kisha akaacha kucheka. "Ni mama mwenyewe. Alitaja wavuvi waliomnyima omena mpaka alale nao. Kesho yake alikuja akilia, akaomba maneno yake yasitoke."

"Na uso ukauacha uuzwe?"

Emmah alikiondoa kipande kwenye mauzo, akakiandika "Kisitumike." Kisha akaiagiza programu itafute vipande vyote ambamo picha inaonyesha mtu akizungumza na lebo ya sauti inasema kimya. Orodha ilijaza skrini: nyuso nyingine zilizofutwa sauti, zote zikisubiri kuuzwa. Fanuel aliitazama, akasema anaenda kunywa chai.