Nyumba Isiyo na Baraza

Siku ile chumbani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu, mwalimu mkuu Mzungu wa shule ya Kisauni, mwalimu kijana kutoka bara aliyekuwa mkalimani, na bibi wa Kizungu aliyekuja na sanduku la mbao kupima akili za watoto. Dada yetu mdogo nilikuwa nimemwacha kwa jirani, Mishomoroni. Baba na mama walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki, mmoja nyuma ya mwenziwe, vita vikiendelea.

Tangu walipokwenda, mdogo wangu alikuwa hasemi ila akiulizwa, na akiulizwa hujibu polepole. Mwalimu mkuu akaona ni mzigo. Aliniita akaniambia viti ni vichache na watoto wanangoja. Kipimo kikionyesha hafundishiki, kiti chake atapewa mwingine. Mimi nilitoka shule darasa la tatu nikaenda kufanya kazi kwenye tanuri la chokaa, ili yeye asome. Akitolewa, sikujua tena nilichokuwa nachomea mawe.

Njiani nilimkumbusha adabu. Usimkodolee macho mkubwa. Usidakie maneno. Mtu mzima akikuuliza jambo analolijua, anatazama ulivyolelewa, tulia kwanza. Ndivyo nilivyofundishwa na baba, nami sikuwa na mengine ya kumpa.

Yule bibi aliniweka mlangoni, akaniomba nisiseme neno. Akatoa ubao wenye matundu ya maumbo mbalimbali, akamwaga vipande mezani, akabonyeza saa aliyoishika mkononi. Mkalimani akasema, "Rudisha kila kimoja mahali pake, upesi."

Mdogo wangu akaweka mikono mapajani. Alikuwa akingoja mkubwa aanze, au amwambie bismillahi, haya. Saa ikaenda. Mkalimani akanitazama, akataka kuongeza neno, lakini bibi akatikisa kichwa. Hatimaye mtoto alivipanga vyote bila kukosea hata kimoja, ila muda ulikuwa umekwisha pita, na bibi akaandika alichoandika.

Kisha picha. Nyumba ya mawe, paa la mgongo mkali, mlango umefungwa.

"Nyumba hii imepungukiwa na nini?"

Akaitazama kwa muda mrefu. "Haina baraza," akasema.

Mkalimani akacheka kidogo puani, akatafsiri. Bibi hakucheka. Jibu lililotakiwa lilikuwa bomba la kutolea moshi juu ya paa. Mimi mwenyewe, kwa umri wangu ule, nilikuwa sijaona nyumba yenye bomba la moshi Kisauni nzima. Lakini nyumba isiyo na baraza, wageni wake wakae wapi?

Mwisho akapewa karatasi na penseli, akaambiwa achore mtu, mtu mzima, vizuri awezavyo. Hapo nikaona ameinamisha kichwa. Nilijua kwa nini, nikakaza meno nisiseme.

Alichora kanzu. Aliichora kwa makini, na tarizi zake kifuani. Akachora bakora, na makubadhi mawili chini. Juu akachora kofia. Baina ya kofia na ukosi wa kanzu hakutia kitu. Mikono ya kanzu haikutoa viganja. Upande mmoja wa kofia alitia kiraka kidogo, na hapo nikaijua kofia ya baba. Nilikishona mimi kiraka hicho.

Bibi akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kila kiungo kina alama yake, mkalimani alinieleza baadaye: macho, pua, kinywa, masikio, shingo, vidole. Mtoto anayeacha viungo vingi huhesabiwa kuwa akili yake bado changa. Alipokwisha, bibi alifunga kitabu chake, na kwa kuwa kipimo kimekwisha, akawa huru kuuliza.

"Muulize kwa nini mtu wake hana uso."

Mdogo wangu akajibu, ndiyo kwanza sauti yake isikike sawasawa. "Chuoni, tunakosoma Kurani, tumeambiwa anayechora chenye roho, siku ya Kiyama ataambiwa akipulizie roho. Mimi siwezi. Nimechora nguo zake tu. Mwenyewe hayupo."

Mkalimani akatafsiri. Alipokwisha, bibi akageuka kwangu kana kwamba ndiyo kwanza anione.

"Na hakunijibu haraka kwa sababu gani?"

"Kwetu mtoto hamwahi mkubwa, Memsabu."

Akamweleza mwalimu mkuu kwa Kiingereza, na mkalimani akaninong'oneza yote. Alisema jedwali lake la alama limetengenezwa kwa majibu ya watoto wa kwao, waliolala katika nyumba zenye moshi paani, waliozoea kuchora watu na kushindana na saa. Jedwali linafaa tu ikiwa kila mtoto ameulizwa kwa maneno yale yale na kwa muda ule ule. "Nikibadili, silinganishi tena kitu na kitu. Nisipobadili, nampima huyu kwa maisha ya mwingine."

"Akili yake imetoka ya miaka mingapi?" akauliza mwalimu mkuu.

"Jedwali linasema mitano."

"Naye ana tisa."

"Naye ana tisa. Nimeandika chini kwamba hesabu hii isitumiwe kumtoa."

"Wewe utakwenda zako wiki ijayo, Bibi. Mimi nina watoto wangojao uani."

Mdogo wangu alikuwa akikusanya vipande vya ubao, kila kimoja tunduni mwake, upesi sasa, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru.

Mwalimu wa bara ndiye aliyesema. "Nipe mimi, Bwana, hadi mwisho wa mwaka. Akishindwa nitamtoa mwenyewe."

"Darasani kwako hakuna kiti."

"Kuna changu."

Basi mwaka ule alifundisha amesimama. Mdogo wangu alikalia kiti cha mwalimu, pembeni mwa meza, na watoto wakamwita mwalimu mdogo hadi wakachoka. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa katikati, akasoma kama wenziwe, akapanda darasa.

Nilimkuta mwalimu jioni moja nje ya chumba chake, akila mahindi ya kuchemsha peke yake. Watu wa mtaani walikuwa wakimtania. "Mwalimu, Kiswahili chako kina mawe, utatuvunja meno." Naye hujibu, "Basi tafuneni taratibu." Lakini nilimwona hana mlango wa kubisha hodi.

"Mwalimu, utakuja kula kwetu," nikamwambia. "Wali wa nazi, na samaki."

"Lini?"

"Nitakwambia."

Mchele wakati ule wa vita ulikuwa wa kuvizia. Nyumba yetu ilikuwa na mkeka mmoja bila baraza, na sikuwa na mama wa kupika wala baba wa kumkaribisha mgeni. Nikasema nijitayarishe kwanza. Kila tulipokutana aliniuliza, "Ule wali umeiva?" nami nikacheka, nikasema bado nakuna nazi.

Siku mchele ulipopatikana nilikwenda kumwita. Chumba kilikuwa na mtu mwingine. Alikuwa amehamishwa bara, na aliyekuwamo hakujua ni wapi.

Dada yangu aliolewa. Mdogo wangu alipata kazi ya ukarani, akahamia mbali nayo, na barua zake huandika kwa mwandiko mzuri. Nyumba ina baraza sasa. Niliijenga kwa chokaa niliyoichoma mwenyewe. Jioni hukaa hapo peke yangu. Ndani kuna sinia kubwa la watu wanne nililonunua wiki ile ile ya mchele, na mgeni wake hajala.