Misumari Saba

Mtu asiyeweza kuhesabu hadi ishirini na tano hafai kukabidhiwa hata bata awachunge. Sisi wa meza ya domino ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, tulimpata mmoja wa aina hiyo tukamwita Président.

Hakuchaguliwa na mtu. Ana mitumbwi mikubwa ya injini inayokwenda Kazimia na kurudi, na huku kwetu mwenye mtumbwi haombi cheo, hupewa. Siku moja mtu alimwita Président kwa utani, yeye akaitika bila kucheka, na utani ukaishia hapo.

Meza yetu iko barazani kwa fundi wa simu, nyuma ya soko. Tulikuwa tukicheza Jumamosi mchana, watu wanne: mimi, fundi wa mitumbwi, mdogo wake Président, na mzee mmoja Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Mimi ninauza ndakala, wale dagaa wakavu. Ndimi mwanamke pekee mezani, na ndimi niliyekuwa nashika daftari, kwa sababu wanaume wale hawakuaminiana hata kwa tarakimu moja.

Mchezo wetu ni rahisi. Vipande ni ishirini na nane, kila mtu anachukua saba. Wa kwanza kumaliza vyake haandikiwi kitu. Wengine wanageuza vilivyobaki mkononi, nukta zake zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo adhabu yao. Inaongezwa kwenye zile za Jumamosi zilizopita. Anayefika mia anatoka, kiti chake kinapewa mwingine, na harudi mpaka mwaka uishe.

Zamani tulihesabu wenyewe, kazi ya dakika moja. Kisha Jumamosi moja mdogo wake Président alivichanganya vipande vyake kabla hatujaviona, akaapa kwamba alikuwa na tisa tu. Fundi wa mitumbwi akamshika shati. Badala ya kumfundisha adabu yule kijana mwongo, Président alituma neno kutoka Kazimia: kuanzia leo kila mkono upigwe picha, picha itumwe kwenye kikundi cha WhatsApp, naye atahesabu na kutoa hukumu. Kwa hiyo watu wanne wenye macho mazima wakawa wanakaa mbele ya vipande vilivyo wazi, wakingoja mtu aliye mbali awaambie wanaona nini. Sikuwahi kuona upumbavu uliopangwa vizuri namna ile. Nami nilikuwemo, nikingoja na kalamu mkononi.

Yule mzee wa Lusenda ndiye peke yake niliyemheshimu pale. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi alipanda pikipiki na vikapu alivyosuka, akaviuza sokoni asubuhi, kisha akaja kukaa nasi. Aliwahi kuniambia kwamba kambini kila anayemwita anamwita kwa sababu ya orodha fulani, na kwamba siku saba zote anangoja ile saa ya kuvuta kiti na kuulizwa tu kama zamu yake imefika. Hakulalamika. Alisema hivyo huku akipanga vipande vyake, na nikajua kiti kile kilikuwa na uzito gani kwake. Jumamosi ninayoisimulia alikuwa na sabini na moja.

Siku hiyo Président alitutumia zawadi, domino mpya kutoka ng'ambo ya ziwa. Zile za zamani zilikuwa za mbao, zimechakaa. Hizi zilikuwa nyeupe, nzito, na katikati ya kila kipande, juu ya mstari unaogawa pande mbili, kulikuwa na kimsumari cha shaba chenye kichwa cha mviringo, ili kipande kizunguke vizuri mezani na uso wake usikwaruzwe. Mwenye zawadi hakuwahi kuzigusa. Alizinunua zikiwa ndani ya sanduku lake, na sanduku halikufunguliwa mpaka lilipotufikia.

Tukacheza. Fundi alianza, mzee akafuata, kisha yule mdogo mtu, kisha mimi. Moja na tatu zikatawala meza, na mzee hakuwa nazo. Mara tatu aligonga meza kwa kidole akasema, "Napita." Mwishoni ncha zilikuwa moja na tatu. Mzee akapita, mdogo mtu naye akapita. Mimi nikaweka tatu-nne. Fundi akaweka moja-sita kwa kishindo, akawa amemaliza.

Tukageuza. Mimi nilibaki na sifuri-sifuri, kile kipande kisicho na kitu. Kila sifuri ilipofunguka ilizibwa kabla ya zamu yangu. Mdogo mtu alikuwa na tano-mbili na mbili-mbili, kumi na moja. Mzee alikuwa na sita-nne, nne-mbili, tano-sifuri na nne-sifuri. Kumi, sita, tano, nne: ishirini na tano. Angefika tisini na sita. Hatari, lakini bado angekuwa kitini.

Fundi wa simu alipiga picha tatu akazituma. Tukangoja. Jibu likaja kwa sauti, na Président alikuwa anatafuna kitu.

"Mama ndakala, moja. Mudogo yangu, kumi na tatu. Ule mzee wa Lusenda, makumi mbili na kenda. Andika."

Nilikitazama kipande changu. Moja! Kipande cheupe kabisa, hata mtoto wa maternelle, shule ya chekechea, angesema hakuna kitu. Kilichokuwepo ni kile kimsumari tu. Nilipokuza picha kwenye simu yangu nikaona: mwanga ulikuwa umekipiga kila kimsumari kikang'aa kikawa kama nukta. Mimi kipande kimoja, moja ya ziada. Mdogo mtu vipande viwili, mbili za ziada. Mzee vinne, nne za ziada. Aliyewahi kushika domino anajua kwamba nukta haikai juu ya mstari. Huyu hakujua, kwa kuwa hakuwahi kukaa na kucheza.

Sabini na moja na ishirini na tisa ni mia kamili.

Nikahesabu na vilivyokuwa mezani, ili nisije nikawa mimi ndiye mjinga. Nukta mia na thelathini na mbili. Ukiongeza zetu kwa hesabu ya kweli unapata mia na sitini na nane, ambazo ndizo nukta zote za domino duniani. Ukiongeza kwa hesabu ya Président unapata mia na sabini na tano. Vipande saba vilivyobaki, misumari saba. Ushahidi ulikuwa mtamu kiasi kwamba nilitaka kucheka.

"Iko anahesabu na misumari," nilimwambia fundi wa mitumbwi kwa sauti ya chini.

"Naona," akasema, bila kuinua kichwa. "Na mi iko natengeneza mutumbwi yake. Unataka niseme nini?"

Jitu zima, mikono ya kupindisha mbao za mtumbwi, limefyata mkia kama mbwa wa jirani. Nilimdharau papo hapo. Mdogo mtu naye alijua. Aliandikiwa mbili za bure na hakupinga, maana alikuwa na arobaini tu, na shemeji yao alikuwa amesimama pembeni tangu asubuhi akingoja kiti kiwe wazi. Kwa familia ile mbili zilikuwa si kitu.

Nami nikaandika ujumbe kwenye kikundi: "Président, kuna misumari." Nikautazama. Ndakala wangu, magunia yote, walikuwa wapakiwe kwenye mtumbwi wake Jumatatu. Mtumbwi mwingine ulikuwepo, ila ulikuwa wa polepole na unavuja. Nikaufuta ujumbe, herufi moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Wazee wetu wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga, na haki yake tukaiacha mezani, imegeuzwa juu, kila mtu anaiona.

Mzee alikuwa amekwisha kuhesabu kabla yetu sote. Alikiziba kimsumari cha sita-nne kwa kidole, kisha akainua kidole. Akanitazama mimi, si fundi, si mdogo wake Président.

"Mama, ni we unaandika," akasema. "Uandike vile unaona."

Nasema kweli, ningependa angenitukana. Angegonga meza, angeita watu, ningepata sababu ya kumkasirikia na kumwona mgeni mkorofi. Aliniachia daftari tu. Na daftari lilikuwa langu, kalamu ilikuwa yangu, hakuna aliyenishika mkono.

"Président akishasema imepita, papa," nikamjibu.

Nikaandika ishirini na tisa. Chini yake nikapiga mstari na kuandika mia, kwa mwandiko mzuri.

Akainuka. Alimpa kila mtu mkono, hata yule kijana mwongo, na kwangu akainamisha kichwa kidogo kama ilivyo desturi yake. Shemeji mtu alikaa kabla kiti hakijapoa, akauliza kwa nini vipande vina misumari. Fundi akaanza kuvichanganya.

Jumamosi tatu baadaye Président alirudi mwenyewe kutoka Kazimia, na kwa mara ya kwanza akavuta kiti cha mdogo wake akacheza. Raundi iliisha akiwa na kipande kimoja mkononi, sifuri-sifuri. Alikitazama, akakipindua, akakikwaruza kwa ukucha. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kumbe ni musumari! Na batu bote munanyamaza? Bajinga nyinyi!"

Tukacheka naye. Fundi alicheka kuliko wote, akijipiga mapaja. Nilikuwa na dharau ya kumgawia kila mmoja pale na nyingine ibaki, na huku nacheka, sauti yangu ikiwa juu kama zao.

Président akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo misumari isihesabiwe, na kwamba kila aliyeandikiwa nukta za misumari azitoe. Alikuwa mkarimu sana siku hiyo. Mdogo mtu akaniambia nimpunguzie zake, nikampunguzia. Nikafungua ukurasa wa ile Jumamosi. Shemeji mtu alikuwa kwenye kiti cha mzee, ameweka viwiko mezani, anapanga vipande vyake, na Président alikuwa anamfundisha mchezo ambao yeye mwenyewe alikuwa amejifunza nusu saa iliyopita.

"Imekwisha?" Président akaniuliza. "Watu wote sasa iko sawa?"

Nilikuwa nimekwisha kuifuta ile moja yangu. Ishirini na tisa sikuigusa.

"Watu wote iko sawa, Président," nikasema, nikafunga daftari.