Ombi Langu la Ukurasa wa Tisa

Majitaka yalipofurika hadi mlangoni mwa kanisa letu, mtaani Donholm, mimi, katibu wa wakazi, niliandikia kamati ya bunge la kaunti waraka wa kurasa tisa. Nilianza na historia ya mtaa. Ombi la bomba jipya likaja mwisho kabisa. Tulipouwasilisha, mwenyekiti wa kamati alisoma ukurasa wa kwanza tu, akatupongeza kwa kuhifadhi historia, akaita wageni waliofuata.

“Mzee, umetuzika na mababu,” muuza mboga wa mtaa wetu, aliyekaa kando yangu, alininong'oneza.

Kosa lilikuwa langu. Nikaandika upya ukurasa mmoja, mstari wa kwanza ukisema: “Tunaomba kamati itenge fedha za bomba jipya la majitaka.” Sababu zikafuata, historia ikawa kiambatisho. Wakakubali.

Siku ya uzinduzi wa bomba niliitwa kushukuru. Muuza mboga akanivuta koti: “Anza na asante, mzee!”