Ubavu wa Sita wa Hiram

Hiram alikuwa mtu wa chumba cha giza. Kwa miaka tisa, katika hospitali moja pale Nakuru, kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei, kuzichovya kwenye dawa na kuzianika kama nguo. Kabla ya hapo alikuwa akikamua ng'ombe wa mzungu kule Njoro, mpaka siku moja ng'ombe akamrushia teke la kifuani, ubavu ukavunjika. Ulijiunga wenyewe, umepinda kidogo. Yeye husema ng'ombe yule ndiye aliyemleta mjini.

Mwaka wa hamsini na sita alijiwa na Daktari Kiptanui, kijana aliyetoka Makerere. Yeye na mwenzake Kosgei walikuwa waende Uingereza kufanya mtihani wa kuingilia ubingwa wa upasuaji. Usipoupita, unabaki daktari msaidizi mpaka mvi. Na bila cheti cha kifua safi, huendi hata huko kuufanya.

Hiram alikuwa amekwisha kuipiga picha ya Kiptanui. Sehemu ya juu ya pafu la kulia ilikuwa na tundu kubwa kama yai la kuku.

"Nimeshakohoa damu mara mbili, mzee Hiram," Kiptanui alisema, mlango ukiwa umefungwa. "Piga picha ya kifua chako, uiandike jina langu."

"Kifua cha mkamua ng'ombe?"

"Basi kitaona Uingereza bila nauli."

Hiram akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Ni huyu Kiptanui aliyekaa na binti yake Wachuka siku tatu, akimdunga sindano ya nimonia kila baada ya saa tatu, mpaka mtoto akafumbua macho. Angemwambia nini? Alipiga picha ya kifua chake mwenyewe, akaiandika jina la Kiptanui. Ile picha nyingine akaificha nyuma ya mapipa ya dawa.

Wiki sita baadaye, kesho yake vijana wakiwa wa kupanda gari moshi, Daktari Fernandes, Mgoa mzee aliyekuwa mkubwa wao, aliwaita watu wote kwenye chumba cha chai.

"Vijana," alisema, "mtihani huu ulinishinda mara mbili. Si kwa kutojua, kwa pupa. Zile karatasi za kuandika, za anatomia na fiziolojia, mtaziweza. Kinachoangusha watu ni ile meza. Wazee wawili wamekaa, kengele iko pembeni. Mmoja anakutia mfupa mkononi. Usitaje jina halafu ukanyamaza. Sema ni wa upande gani, na umejuaje. Msuli gani unashika hapa, neva gani inapita pale. Usichokijua, sema, sijui, bwana. Atakuuliza kingine. Ukibahatisha, atakufuata mpaka uzame. Katika watu kumi hupita wawili, watatu. Sasa, kwa nini wasiwe ninyi? Usiku wa kuamkia mtihani fungeni vitabu, mlale. Sijaona mikono mizuri kama yenu."

Watu wakapiga makofi.

"Tutapita mpaka utuonee wivu, Daktari!" Kosgei akasema.

"Nitawaonea, na nitafurahi. Haya, Kiptanui, simama tujaribu." Mzee akatoa picha kwenye bahasha, akaiinua dirishani, kidole gumba kikifunika jina. "Wale wazee hupenda kukupa picha ya mtu asiye na ugonjwa, waone kama utamzulia. Soma kwa utaratibu. Mifupa kwanza."

Kiptanui akasoma vizuri sana. "Kifua cha mwanamume, kimepigwa kutoka nyuma. Alama ya kulia ni hii. Mitulinga iko sawa. Mbavu..." Akahesabu kutoka juu. "Ubavu wa sita wa kulia ulivunjika zamani, ukaunga. Moyo ni wa kawaida. Mapafu ni safi."

"Umepita!" Mzee akaondoa kidole, huku akicheka. "Ni yako mwenyewe, nimesaini cheti chako asubuhi. Ubavu huu ulivunjika lini?"

Kiptanui akalitazama jina lake. Kikohozi kikamshika, akakizuia kwa leso.

"Sijui, bwana," akasema.

Hiram akaweka kikombe chini. "Ni ubavu wangu, Daktari. Nilipigwa teke na ng'ombe." Kisha akaenda kuileta ile iliyofichwa.

Fernandes aliishika dirishani muda mrefu. Hakuanza na mifupa.

Kosgei alipanda gari moshi peke yake. Mtihani ule ulimwangusha. Kiptanui alilazwa wodi ya kifua kikuu, akadungwa sindano na kumeza vidonge miezi minne. Asubuhi moja damu ikamtoka nyingi, haikuzuilika.

Hiram alifukuzwa kazi. Enzi zile za hali ya hatari, Mkikuyu asiye na mwajiri wa kumsainia pasi hakuruhusiwa kukaa mjini, kwa hiyo alipakiwa kwenye lori na Wachuka wake kurudishwa Nyeri. Kabla ya kupanda alikwenda kwa Fernandes.

"Zile wiki sita nilizoificha picha yake, Daktari. Zingemwokoa?"

Mzee alikuwa akifuta miwani. Aliifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sijui, Hiram," akasema.